Ni mashamba sita, si mimea 240

Mwezi uliopita nilikaa saa nne nzima katika mkutano wa koperative moja ya huku kwetu Bushi, na ile saa ya mwisho ilikuwa kelele tupu. Jambo lilikuwa hili: koperative iko na pesa kidogo katika mfuko, na inapashwa kuamua kama itanunua buture za mihogo ya aina mpya kwa ajili ya wanamemba wote, ao kama itaacha kila mtu aendelee kukata vijiti vya mihogo yake ya zamani. Walifanya jaribio. Waliandika kila kitu katika kaye. Kiisha walipata rapore tatu juu ya lile jaribio moja, na kila rapore inasema jambo lake.

Rapore ya kwanza, ya kijana mmoja aliyekuja kufanya staje, inasema aina mpya inapunguza ugonjwa wa mozaiki, na haina shaka. Rapore ya pili, ya biro moja ambayo sitaitaja, inasema kwa upande wa mavuno hakuna tofauti kati ya aina mpya na ile ya zamani. Ya tatu pia inasema hakuna tofauti ya mavuno, lakini imefika pale kwa njia nyingine kabisa. Mama mmoja mwenye umri, ambaye shamba lake lilikuwa kati ya yale ya jaribio, alisimama akaniambia: « Injeniere, miye nilibeba kile kikapo kwa mgongo. Kile cha mihogo mupya kilikuwa kizito. Sasa hii karatasi inasema nini? »

Nilimwomba kaye. Ninaandika makala hii juu ya yale niliyoyaona mule ndani, kwa sababu ninaamini Mama alikuwa na haki, kijana wa staje alikuwa na haki nusu, na zile rapore mbili za mavuno zilikosea kwa njia ambayo koperative nyingine inaweza kuikamata mapema. Namba nimezibadilisha kidogo ili ziwe rahisi kuhesabu, lakini umbo lake ni lile lile.

Jaribio lilikuwa hivi. Familia sita, kila moja ilitoa vipande viwili vya shamba vinavyopakana, kila kipande meta 5 kwa meta 10. Kimoja walipanda mihogo ya zamani, kingine aina mpya. Kipande gani kipate nini, walitupa kifuniko cha chupa ya bia: kikianguka mdomo juu, aina mpya inaenda kushoto. Wengine walicheka, lakini jambo hili ndilo lililonipa moyo kuliko yote. Bila kile kifuniko, kila mtu angeweka aina mpya upande wa chini wa mlima, kule udongo mweusi unakoshukia na mvua, na leo tungekuwa tunabishana juu ya udongo tukifikiri tunabishana juu ya mihogo.

Waliandika vitu viwili. Wakati mihogo ilikuwa na miezi sita, walihesabu mimea 20 ya katikati ya kila kipande: huu una mozaiki, huu hauna. Majani yaliyojikunja, yenye madoa ya manjano, hayo kila mtu anayajua. Kiisha, wakati wa kungoa, walipima kilo za kila kipande kwa mizani.

Sasa, shuleni tulifundishwa kanuni moja, na kila agronomu anaijua kwa kichwa. Ukiandika kitu cha kupima, kilo, meta, litre, unalinganisha wastani mbili, na unatumia testi ya t. Ukiandika ndiyo ao hapana, mgonjwa ao mzima, imeota ao haikuota, unahesabu ni ngapi katika kila kikapo, na unatumia testi ya khi-kare. Kanuni hii si mbaya. Ni mlango wa kwanza. Shida ni kwamba watu wengi wanaingia mlango wa kwanza kiisha wanasimama pale pale.

Testi hizi mbili zote ziko na wazo moja ndani. Unaanza kwa kusema: tuchukue kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya aina mbili, na kile tunachoona ni bahati tu ya udongo na mvua. Kiisha unauliza: kama ni hivyo kweli, je, tofauti kubwa sawa hii ingetokea mara nyingi, ao ni mara chache sana? Kwa desturi watu wa kilimo wanaweka mpaka kwenye mara 5 kwa 100. Kama bahati tupu ingeleta tofauti ya namna hii chini ya mara 5 kwa 100, tunaacha lile wazo la hakuna tofauti. Kama sivyo, hatuliachi bado. Angalieni vizuri: kutoliacha si sawa na kusema limehakikishwa. Rapore iliyoandika « hakuna tofauti » ilipashwa kuandika « hatujaona ya kutosha ». Hayo ni maneno mawili mbalimbali, na koperative inaweza kupoteza msimu mzima kati yake.

Tuanze na kilo, kwa sababu ndiko kosa kubwa liliko. Hizi ndizo kilo za familia sita, mihogo ya zamani kwanza, aina mpya baadaye: familia ya kwanza 34 na 40, ya pili 41 na 47, ya tatu 38 na 38, ya nne 45 na 52, ya tano 36 na 44, ya sita 40 na 43. Jumla ya zamani ni kilo 234, wastani 39 kwa kipande. Jumla ya mpya ni 264, wastani 44. Tofauti ni kilo 5.

Yule wa rapore ya tatu alifanya nini? Alichukua kilo 234 na kilo 264 akazitia katika khi-kare, sawa vile ni mimea iliyohesabiwa. Khi-kare inafanya hivi: kama hakuna tofauti, kila upande ungepata nusu, yaani 249. Kila upande uko mbali na 249 kwa 15. Unazidisha 15 kwa 15, unapata 225, unagawa kwa 249, unapata 0,90. Pande mbili, unapata 1,81. Kitabu kinasema kwa meza ya namna hii mpaka ni 3,84. Haikufika, basi « hakuna tofauti ».

Sasa fanyeni kitu kimoja cha kushangaza. Chukueni mihogo ile ile, lakini muiandike kwa gramu: 234 000 na 264 000. Rudieni hesabu. Mutapata 1 807 badala ya 1,81. Mihogo haikubadilika, mizani haikubadilika, lakini jibu limeruka kutoka « hakuna kitu » mpaka « haina shaka hata kidogo ». Hii ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kumwonyesha mtu kwamba khi-kare si ya kilo. Inafikiri kila moja unayoiandika ni kitu kimoja kilichosimama peke yake, sawa mmea, kuku ao mtu. Kilo moja si kitu kilichosimama peke yake. Ukiona khi-kare juu ya kilo, juu ya dola ao juu ya mikungu iliyopimwa, rudisha karatasi.

Kuna wengine wanaofanya mchezo wa pembeni: wanasema kipande chenye zaidi ya kilo 40 ni « kizuri », cha chini ni « kibaya », kiisha wanahesabu vizuri na vibaya. Hapo khi-kare inaruhusiwa kwa sheria, lakini umetupa mali. Kipande cha kilo 41 na kipande cha kilo 52 vyote vimekuwa « kizuri » tu. Umebeba mizani mpaka juu ya mlima kwa ajili ya nini?

Rapore ya pili, ile ya biro, ilitumia testi ya t, na kwa kilo ndiyo inayofaa. Testi hii ilitolewa mwaka 1908 na bwana mmoja aliyeitwa William Gosset, aliyekuwa anafanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, na aliandika kwa jina la kujificha, « Student ». (Kwa hiyo kile kifuniko cha chupa hakikuwa mbali na mambo haya.) Shida yake ilikuwa ya kwetu kabisa: alikuwa na vipimo vichache, si mamia. Kati ya mifano aliyoiweka katika maandiko yale, kuna mbegu za nafaka zilizokaushwa kwa moto na zisizokaushwa, zilizopandwa mbili mbili, jozi 11.

Testi ya t inagawa. Juu unaweka tofauti ya wastani, hapa kilo 5. Chini unaweka kiasi ambacho tofauti ile ingeweza kuyumba kwa bahati tu. Kama tofauti ni kubwa mara nyingi kuliko kuyumba kwake, unaiamini. Biro ilihesabu kuyumba hivi: iliangalia vipande sita vya zamani namna vinavyoachana, kutoka 34 mpaka 45, na vipande sita vya mpya namna vinavyoachana, kutoka 38 mpaka 52, ikavichanganya. Kuyumba kukatoka kilo 2,6. Gawa 5 kwa 2,6: karibu 1,93. Kwa vipande sita na sita, mpaka katika kitabu ni 2,23. Haikufika. Hesabu haina kosa hata moja, niliirudia mara mbili.

Lakini angalieni tena zile namba. Kwa nini 34 na 45 zinaachana vile? Si juu ya mihogo, yote miwili ni aina moja ya zamani. Ni juu ya familia. Familia ya kwanza iko na shamba lililochoka, ya nne iko karibu na kraali ya mbuzi na inapata samadi. Tofauti ya shamba na shamba ni kubwa, na biro iliiweka yote chini ya mstari, kama sehemu ya kuyumba. Ile tofauti ya mihogo ikamezwa na tofauti ya udongo.

Na bado jaribio lilipangwa kwa akili ili jambo hili lisitokee! Kila familia ilipanda zote mbili, pembeni kwa pembeni, katika udongo ule ule, na mkono ule ule ulipalilia. Basi swali la kuuliza kila familia si « ulipata kilo ngapi », ni « mpya ilizidi ya zamani kwa kilo ngapi kwako ». Majibu: 6, 6, 0, 7, 8, 3. Udongo wa familia umeshajiondoa wenyewe, kwa sababu uko pande zote mbili.

Jumla ya hizo sita ni 30, wastani ni 5, sawa na mbele. Sasa kuyumba kwake. Kila moja iko mbali na 5 kwa kiasi gani? 1, 1, chini kwa 5, 2, 3, chini kwa 2. Zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe: 1, 1, 25, 4, 9, 4, inafanya 44. Gawa kwa 5, yaani familia sita toa moja: 8,8. Kipeo chake ni karibu 2,97. Gawa hiyo kwa kipeo cha 6, yaani 2,45, unapata 1,21. Ndiyo kuyumba. Gawa 5 kwa 1,21, unapata 4,13. Kwa jozi sita mpaka ni 2,57. Imepita vizuri.

Kwa hiyo namba ni zile zile kumi na mbili, testi ni ile ile ya t kwa jina, na jibu limegeuka. Mpaka wenyewe ulipanda, kutoka 2,23 mpaka 2,57, kwa sababu sasa tuko na tofauti sita tu badala ya vipande kumi na mbili. Hiyo ndiyo bei unayolipa ukipanga kwa jozi. Lakini kuyumba kulishuka kutoka 2,6 mpaka 1,2, na faida ni kubwa kuliko bei. Kikapo cha Mama kilikuwa kizito kweli.

Nilimwuliza mtu wa biro, kwa heshima, kwa nini hakufanya kwa jozi. Aliniambia kwamba fishi aliyotumiwa ilikuwa na safu mbili tu, « ya zamani » na « mpya », na kila safu imepangwa kutoka ndogo mpaka kubwa. Mtu fulani, kwa kutaka usafi, alizipanga! Majina ya familia yalipotea. Ukishapanga safu mbili kila moja peke yake, jozi imekufa, na hakuna hesabu ya kuifufua. Kama kaye ya asili haingebakia nyumbani kwa sekretere, koperative ingekuwa imefunga jambo hili na kuacha aina mpya.

Sasa tuje kwa mozaiki, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa upande wa pili, kwa sababu rapore iliyotufurahisha ndiyo ninayoiogopa.

Kijana wa staje aliandika: aina ya zamani, mimea 120, wagonjwa 36. Aina mpya, mimea 120, wagonjwa 18. Ni mgonjwa ao mzima, basi khi-kare. Kwa kanuni ya shule, alipita mlango wa haki. Hesabu yake: wagonjwa wote ni 54, kama hakuna tofauti kila upande ungepata 27. Wazima wote ni 186, kila upande ungepata 93. Kila chumba cha meza kiko mbali kwa 9, na 9 kwa 9 ni 81. Gawa 81 kwa 27, ni 3, mara mbili ni 6. Gawa 81 kwa 93, ni 0,87, mara mbili ni 1,74. Jumla 7,74. Mpaka ni 3,84. Amepita kwa mbali, na aliandika « haina shaka ».

Kitu kimoja alifanya vizuri na ninamsifu: alitumia hesabu ya mimea, si asilimia. Watu wengi wangeandika asilimia 30 na asilimia 15 na kuzitia katika meza sawa vile ni mimea mia na mia. Asilimia zinaficha ukubwa. 30 kwa 100 na 15 kwa 100 za mimea 120 zinatoa 7,74. Asilimia zile zile za mimea 20 kila upande, yaani wagonjwa 6 na 3, zinatoa 1,29 tu. Tena hapo kila upande ungengojea wagonjwa 4,5, na chini ya 5 khi-kare yenyewe inaanza kudanganya.

Lakini niliomba kaye ionyeshe wagonjwa kwa kila familia. Mihogo ya zamani: 3, 4, 5, 4, 16, 4. Aina mpya: 2, 2, 4, 3, 3, 4. Muliona? Familia ya tano. Wagonjwa 16 kwa 20. Nilienda kutembelea shamba lile. Buture zake za zamani zote zilikatwa katika kishamba kimoja nyuma ya nyumba, na kishamba kile ninyi mungekiona mungetikisa kichwa: majani yote yamejikunja. Mozaiki inaenda na nzi mweupe, ndiyo, lakini inaenda zaidi sana ndani ya buture zenyewe. Ukikata vijiti 20 katika miti migonjwa, haupati ajali 20 mbalimbali. Unapata ajali moja, uliyoipanda mara 20.

Na khi-kare haijui hilo. Inachukua kwamba kila mmea uliamua peke yake kuwa mgonjwa ao mzima, bila kumwangalia jirani. Kijana alisema ana ushuhuda wa mimea 240. Kwa ukweli ana ushuhuda wa familia sita. Ondoeni familia ya tano, muone kinachobakia: wagonjwa 20 kwa 100 upande wa zamani, 15 kwa 100 upande wa mpya. Khi-kare inashuka kutoka 7,74 mpaka 0,87. Ile « haina shaka » yote ilikuwa imesimama juu ya kishamba kimoja nyuma ya nyumba moja.

Ni namna gani ya kufanya basi? Fanyeni sawa vile tulifanya na kilo. Kwa kila familia, zamani toa mpya: 1, 2, 1, 1, 13, 0. Wastani ni wagonjwa 3 kwa mimea 20. Kuyumba, kwa hesabu ile ile ya jozi, kunatoka karibu 2. Gawa 3 kwa 2,02, unapata 1,49, chini ya 2,57. Na tena kwa macho tu, kabla ya hesabu, mtu anaona kwamba ile 13 inavuta kila kitu. Testi ya t haipendi namba moja inayokaa mbali na wenzake namna hiyo, hasa zikiwa sita tu, na hata ile 1,49 siiwekei uzito mwingi. Ninachosema ni kidogo: juu ya mozaiki, hatujaona ya kutosha. Familia tano kati ya sita zilikwenda upande mzuri, lakini nyingi kwa mmea mmoja tu.

Hapa wenzangu wa kazi watanipinga. Watasema: wewe umechukua ndiyo na hapana ukaipeleka kwenye testi ya t, umevunja kanuni. Ninajibu kwamba kanuni ya shule inaangalia ulichoandika katika kaye, lakini inasahau kuuliza kitu kilichotupiwa kifuniko cha chupa. Kifuniko hakikutupwa kwa kila mmea. Kilitupwa mara moja kwa kila familia. Kipande ndicho kilichopewa aina, basi kipande ndicho kinachopashwa kuhesabiwa kuwa kimoja. Kama mungetupa kifuniko mbele ya kila shimo, mmea huu mpya, ule wa zamani, na buture za zamani zikatoka fasi mbalimbali, hapo ningekubali khi-kare kwa mimea 240 bila maneno mengi. Kuna mahali inakaa vizuri kabisa: ankete ambamo munauliza wanamemba 200, kila mmoja kutoka nyumba yake, kama alitumia buture za kununua na kama aliona mozaiki. Mtu mmoja, jibu moja, hakuna anayehesabiwa mara 20. Ile ndiyo kazi ambayo Karl Pearson aliitolea khi-kare mwaka 1900, kuhesabu vitu katika vikapo, na bado inaifanya vizuri.

Kwa mkutano nilisema hivi, na ndivyo ninavyosimama. Kwa mavuno, aina mpya inazidi, na wastani ni kilo 5 kwa kipande. Lakini musichukue ile 5 sawa vile imeandikwa juu ya jiwe. Zidisheni kuyumba 1,21 kwa 2,57, mutapata 3,1. Kwa hiyo ukweli unaweza kukaa popote kati ya kilo 2 na kilo 8 kwa kipande cha meta 50 za eneo. Kwa hektari inafanya kilo 400 mpaka 1 600. Prezida alichukua kalamu na kuhesabu bei ya buture pamoja na usafiri wake. Kwa kilo 1 600 koperative inapata faida katika mwaka wa kwanza. Kwa kilo 400 haipati mpaka mwaka wa pili, wakati kila mtu ataweza kukata buture zake mwenyewe. Hesabu hiyo ndiyo walipashwa kubishana juu yake, na walibishana kwa utulivu zaidi.

Walikata shauri la nusu: wananunua kwa familia 12 tu msimu huu, si kwa wote. Kila familia kati ya zile 12 itapanda jozi, zamani na mpya, na kifuniko kitatupwa mbele ya mashahidi wawili. Buture za zamani hazitakatwa tena nyuma ya nyumba moja, zitachanganywa kutoka mashamba matatu. Kaye itakuwa na mstari mmoja kwa familia moja, jina kushoto, kiisha kilo za zamani, kilo za mpya, wagonjwa wa zamani, wagonjwa wa mpya, na hakuna mtu anayeruhusiwa kupanga safu. Sekretere aliandika sheria hiyo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza. Yule Mama aliomba shamba lake liwe tena kati ya yale 12, na aliomba safari hii mizani iletwe kwake, badala ya yeye kubeba kikapo mpaka kwa mizani.